Usiku niliokaa kuandika kombe huku mwanangu akiumwa uchungu



Wengi mmeuliza kwa nini Ijumaa ile hamkuniona mimbarini. Nilikuwa hospitali na mwanangu. Nimemwomba ruhusa yeye na mumewe niyaeleze yaliyotokea, nao wamekubali, basi nitaeleza yote, pamoja na sehemu yangu ambayo haipendezi.

Binti yangu mkubwa alikuwa kwetu akisubiri kujifungua mtoto wa pili. Mumewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Mtoto wa kwanza, miaka 3 nyuma, alitoka kwa upasuaji kwa sababu alitanguliza makalio. Kwenye kadi ya kliniki ya mimba hii nesi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mama ana kovu, azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, na afike mara uchungu unapoanza. Kadi ilikuwa kabatini. Mimi ninayewasomea watu vitabu kila siku sikuwahi kuisoma.

Saa 8:10 usiku mke wangu aliniamsha. Mwanangu alishaamka zamani, akijua ni lile tumbo la kukaza na kuachia ambalo lilikuwa likimsumbua wiki nzima. Lakini lile lilikuwa linakuja ovyo, na akitembea kidogo linapoa. Usiku huu uchungu ulianzia kiunoni ukazunguka mbele, ulirudi kila baada ya dakika 7 au 8, na kutembea hakukuupunguza. Mke wangu alikuwa akihesabu kwa saa ya simu. Huo ndio uchungu wenyewe.

Sasa sikilizeni jinsi muda ulivyotuponyoka.

Kwanza nilisema tumpigie mumewe, tusimtoe mke wa mtu nyumbani usiku bila yeye kujua. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, nikapiga tena. Mama mzaa mumewe, ambaye anakaa jirani, alikuwa ameshafika. Akasema, "Shehe, huyu hajawahi kusukuma mtoto. Uchungu wake ni kama wa mimba ya kwanza, utafika mpaka adhuhuri. Tungoje gari la saa 11:30." Kisha akaniomba nimwandikie kombe.

Nami nikakaa. Nikatafuta sahani nyeupe, nikaloweka zafarani, nikatia wudhu, nikaanza kuandika taratibu kama ninavyowaandikia watu wengine. Sisemi kombe ni kosa, na mjadala huo msiuanzishe hapa. Ninachosema ni kwamba nilikuwa naandika kwa hati nzuri huku mwanangu ameshika nguzo ya kitanda, na nilijiona nafanya kazi kubwa.

Saa 9:20 mke wangu alichoka kuningoja, akaenda kumgongea Bi Mkunga. Huyu ni mama mstaafu aliyezalisha nusu ya vijana wa kijiji hiki. Alipoingia alimkuta mama mkwe ana kikombe cha mzizi wa kuharakisha uchungu. Akakichukua akakimwaga mlangoni. "Dawa hizi zinaukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima," alisema. "Wenye kovu ndipo unapopasukia." Uji nao akaukataza, maana akipelekwa kupasuliwa tumbo likiwa limejaa, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu akiwa kwenye usingizi wa dawa. Maji ya kulowesha midomo, basi.

Akaweka kiganja juu ya tumbo, akakaa kimya kupita uchungu mmoja hadi mwingine. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, ukiachia, maumivu yanaisha?" Akajibu kwamba hapo mwanzo yalikuwa yanaisha, lakini sasa panabaki pamoja chini, penye mshono, panachoma tu. Bi Mkunga akatuangalia. Uchungu wa kawaida unakuja na kuondoka, na katikati tumbo linalegea na mama anapumzika. Maumivu yanayoganda penye kovu bila kuachia ni dalili kwamba kovu linaweza kuwa linaanza kufunguka. Akataja na nyingine: damu kutoka, mtoto kuacha kucheza, au uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla. Hiyo ya mwisho inawadanganya watu, wanasema alhamdulillah amepoa, kumbe mfuko umeshachanika na damu inamwagika ndani.

Akaniambia, "Shehe, weka kalamu. Piga 115."

Namba hiyo ni ya m-mama, haikatwi salio. Aliyepokea aliuliza tuko kijiji gani, mimba ina umri gani, kama amewahi kupasuliwa, kama kuna damu. Hakutuuliza habari ya mume. Baada ya dakika chache akapiga yeye kusema gari linakuja, na kwamba twende moja kwa moja hospitali ya wilaya, tusipitie zahanati, nao huko wameshaarifiwa. Dereva alikuwa kijana wa kijiji cha pili mwenye gari lake mwenyewe, mmoja wa wale walioandikishwa na mpango huo. Nilipotoa pesa akazikataa, akasema analipwa na serikali akishatufikisha.

Tuliondoka saa 9:50. Mwanangu tulimlaza kwa ubavu wa kushoto, kichwa mapajani kwa mama yake, kwa kuwa akilala chali mzigo wote unaukandamiza mshipa mkubwa wa damu nyuma ya tumbo. Barabara ilikuwa na matope ya masika. Kila gari liliporuka alishika mkono wangu, na mimi, wallahi, dua zote nilizohifadhi tangu chuo ziliniishia, nikabaki na moja tu.

Tulifika saa 11:05 alfajiri. Daktari wa zamu alikuwa mwanaume, na mama mkwe akasita mlangoni. Nikamwambia angekuwepo mwanamke tungemtanguliza, hayupo, na hii ni dharura, mpishe. Hilo ndilo jambo moja nililofanya sawasawa usiku ule. Karatasi ya kukubali upasuaji nikainyooshea mkono nisaini kama walii. Nesi akanipita akampa mwanangu mwenyewe, akasaini kati ya uchungu mmoja na mwingine.

Daktari alipotoka alieleza kwa upole. Kovu lilikuwa limekonda kama karatasi na upande mmoja limeanza kuachia, ila mfuko haukuwa umepasuka wote. Aliongezewa damu chupa 2, na mdogo wake akachangia ya kurudisha. Mtoto wa kike, kilo 3.1, alichelewa kidogo kulia. Nikamuuliza kama kila mwenye kovu lazima apasuliwe tena. Akasema hapana, wengi wenye kovu moja wanazaa kwa njia ya kawaida, na anayepasuka ni kama mmoja katika kila 200. Lakini huyo mmoja hajulikani mapema, ndiyo maana wote huzalia mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko hatua chache. Nyumbani kwangu kilikuwa mwendo wa saa moja na robo.

Saa 2 asubuhi simu ya mkwe wangu ikaita. "Baba, nimekuta umenipigia mara 11. Kuna nini?" Nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Baba, mimi nilishamwambia mke wangu aende wakati wowote. Hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia, tena jioni ileile wakati wa kula. Mimi nilikuwa nasikiliza redio.

Tuliporudi baada ya siku 4 sahani ilikuwa bado mezani, zafarani imekauka, maandishi yamefika nusu. Mke wangu hakuiosha. Aliiacha pale niione.