Rekibeki Si Mshahara

Wasee, leo tuongee kuhusu poka ya mtandaoni, na hasa ile pesa ndogo inayoingia kwa akaunti kila Jumatatu ikiitwa rekibeki. Nimeisikia ikitajwa vibaya mara nyingi sana, na juzi imekaribia kumtoa binamu yangu kazini. Kama hujafika miaka 18, soma tu kama hesabu, kwa sababu kusema ukweli ni hesabu tupu.

Tuanze na reki yenyewe. Fikiria wewe na beste yako mnacheza pool pale mtaani, kila mtu ameweka mia. Mko sawa kabisa kwa kucheza, leo unashinda, kesho anashinda. Lakini kila mchezo mwenye meza anachukua shilingi 10 kutoka kwa hizo 200. Mkicheza mwezi mzima bila mmoja kumzidi mwingine, nyote wawili mtakuwa mmepoteza, na pesa zote ziko kwa mwenye meza. Hakuna aliyewaibia. Poka iko hivyo hivyo. Saiti haichezi dhidi yako. Inakata asilimia fulani ya chungu, yaani zile pesa zilizorundikana katikati ya meza. Kiwango cha kawaida ni kama 5%, na kuna kikomo ambacho haivuki hata chungu kiwe kikubwa namna gani. Saiti nyingi pia hazikati kitu kama mkono umeisha kabla ya kadi tatu za kwanza kufunguliwa mezani.

Rekibeki ni saiti kukurudishia sehemu ya hiyo reki. Zamani, enzi za Full Tilt Poker, kila mtu alijua namba ni 27%, unapewa pesa taslimu, basi. Siku hizi wengi hukupa pointi. Unakusanya pointi kwa kadiri unavyolipa reki, halafu unazibadilisha kuwa pesa, tiketi ya shindano ama bonasi. Ni kama Bonga: hupewi pointi kwa sababu wewe ni mjanja, unapewa kwa sababu umetumia pesa. Hii sentensi naomba uiweke kichwani, tutairudia.

Kujua pointi zina thamani gani ni rahisi. Uliza maswali mawili: dola 1 ya reki inanipa pointi ngapi, na pointi ngapi zinanunua dola 1? Tuseme saiti inatoa pointi 100 kwa kila dola ya reki, na pointi 10,000 zinabadilishwa kuwa dola 20. Kupata hizo 10,000 lazima ulipe reki ya dola 100. Umelipa 100, umerudishiwa 20. Hiyo ni rekibeki ya 20%, hata kama wameipamba na vifua vya hazina na samaki wa dhahabu. Kama zawadi ni tiketi ya shindano ambalo hungewahi kulinunua kwa pesa zako, ishushe thamani. Na kama pointi zinaisha muda kabla hujafikisha 10,000, kwako wewe ni 0%.

Kuna kitu kingine watu hawaangalii: nani anahesabiwa kuwa amelipa reki? Chukua chungu cha dola 6 kwa meza ya watu sita. Saiti imekata 5%, yaani senti 30. Zamani saiti nyingi ziligawa sawa kwa kila aliyepewa kadi, senti 5 kila mtu, hata yule aliyetupa kadi zake bila kuweka kitu. Sasa njia iliyoenea ni kugawa kulingana na mchango. Kama uliweka dola 2 kwa hicho chungu, wewe ni theluthi moja, unahesabiwa senti 10. Aliyetupa kadi bila kuweka chochote anahesabiwa sifuri. Kwa hivyo mtu mvumilivu anayesubiri kadi nzuri hupata pointi chache kuliko yule anayeingia kila chungu. Ndiyo maana wawili wanaweza kucheza mikono sawa, saiti moja, na rekibeki zao zitofautiane sana.

Sasa turudi kwa binamu. Ana miaka 24, anafanya kazi kwa duka la simu, na usiku anacheza meza za watu sita ambapo blaindi kubwa ni senti 10. Alinipigia akiwa na furaha: "Buda, mwezi huu nimepanda dola 34. Hiyo ni kama 4,400. Nimecheza usiku tu. Nikiacha kazi nicheze mara kumi zaidi, si hiyo ni 44,000?"

Nikamwambia, "Bro, leta laptopu tuone namba."

Alikuwa na programu inayohifadhi kila mkono, kwa hivyo hatukubahatisha. Alikuwa amecheza mikono 20,000. Kwa poka watu hupima kwa blaindi kubwa kwa kila mikono 100, na kwa skrini inaandikwa `bb/100`. Reki aliyolipa ilikuwa `9 bb/100`. Mikono 20,000 ni mamia 200, kwa hivyo ni blaindi 1,800, na kwa senti 10 kila moja ni dola 180. Manze, jamaa amelipa kiingilio cha dola 180 kwa mwezi na hakuwahi kukiona kikitoka, kwa sababu kinakatwa kidogo kidogo ndani ya kila chungu.

Rekibeki yake ilikuwa 30%. Asilimia 30 ya 180 ni dola 54. Akaunti imepanda dola 34. Sasa toa: 34 kutoa 54 ni dola 20 chini ya sifuri. Yaani mezani kwenyewe, binamu alipoteza dola 20, sawa na `-1 bb/100`.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Lakini si pesa ni pesa?"

Ni kweli, na hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu kuna wale hudharau rekibeki kabisa na hao pia hawako sawa. Hiyo 30% imeshusha reki yake halisi kutoka `9 bb/100` hadi `6.3 bb/100`. Tofauti ni blaindi 2.7 kwa kila mikono 100, na kwa meza ndogo kama hizo hiyo si mchezo. Ndiyo imemtoa upande wa hasara mwezi huo. Watu wawili wenye uwezo sawa, mmoja ana 30% na mwingine hana kitu, baada ya mwaka watakuwa mahali tofauti kabisa. Ukicheza bila kuangalia rekibeki ya saiti yako, unalipa bei ambayo jirani yako halipi.

Lakini rekibeki ni punguzo la bei. Haigeuzi mchezo kuwa biashara. Chukua mtu anayepoteza `12 bb/100`, na wapo wengi. Kwa mikono hiyo hiyo 20,000 amepoteza dola 240 mezani. Kwa kuwa anaingia vyungu vingi, tuseme amelipa reki ya dola 200. Atarudishiwa dola 60, zaidi ya binamu! Lakini bado amepoteza dola 180. Yule aliyepata rekibeki kubwa ndiye aliyeumia zaidi. Ile sentensi ya Bonga ndiyo hiyo.

Sasa hesabu ya kuzidisha mara kumi. Ilikuwa na matatizo mawili makubwa.

La kwanza ni bahati. Kwa meza za watu sita, kupanda na kushuka kwa mchezaji wa kawaida ni kama blaindi 95 kwa kila mikono 100. Kwa mikono 20,000, mtawanyiko huo unakuwa karibu blaindi 1,340, yaani dola 134 juu au chini. Kwa hivyo mtu ambaye kiwango chake halisi ni kupoteza dola 20 anaweza kumaliza mwezi akiwa juu dola 114 au chini dola 154, na yote mawili ni kawaida kabisa. Rekibeki yake ya dola 54 ndiyo sehemu pekee ya mwezi iliyo na uhakika, na hapo ndipo inapodanganya. Inaingia kila wiki bila kukosa, kwa hivyo inafanana na mshahara. Matokeo ya meza hayana adabu hiyo. Kwa mwezi mmoja, binamu hawezi kujua kama yeye ni mchezaji mzuri aliyekosa bahati ama mbaya aliyebebwa.

La pili ni uchovu. Saiti yake ina levo, na ukifika levo inayofuata kabla ya mwisho wa mwezi unapewa bonasi ya dola 25. Alikuwa amebakisha reki ya dola 72, yaani mikono 8,000 hivi. Akicheza vizuri kama kawaida, kwa `-1 bb/100`, anapoteza dola 8. Lakini mtu anayefukuza levo hufungua meza nyingi, hulala saa nane, na hucheza kadi ambazo angetupa. Tuseme anashuka hadi `-5 bb/100`. Amepoteza dola 40. Anapata rekibeki ya dola 21.60 na bonasi ya 25, jumla 46.60. Faida ni dola 6.60. Kwa meza nne, mikono 8,000 ni kama saa 27. Gawanya: kama senti 24 kwa saa, karibu shilingi 32. Na akishuka kidogo tu zaidi, hadi `-6 bb/100`, hata hiyo inaisha.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna programu itakuonyesha: masharti si yako. Mwaka 2015 PokerStars ilikuwa na levo ya juu kabisa iliyoitwa Supernova Elite. Ilihitaji pointi 1,000,000 ndani ya mwaka mmoja. Watu walicheza mwaka mzima kuifikia wakitarajia kula matunda 2016. Novemba 2015 kampuni ikatangaza kupunguza zawadi hizo. Wachezaji waligoma siku za kwanza za Desemba, wakakataa kukaa mezani, na kampuni haikurudi nyuma. Wale walikuwa wamejenga maisha juu ya punguzo, na mwenye duka akabadilisha bei.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ukicheza, weka daftari lenye safu mbili: matokeo ya meza peke yake, na rekibeki peke yake. Usiziunganishe hadi mwisho. Kama safu ya meza iko chini ya sifuri, unategemea ukarimu wa saiti, na unaweza kuendelea kama burudani ukijua hivyo. Usiitumie kulipa rent.

Binamu bado yuko kwa duka la simu. Bado anacheza pia, meza mbili, na levo ameachana nayo. Juzi amenitumia picha ya daftari. Safu ya meza iko chini dola 11, rekibeki iko juu dola 19. Ameandika chini kwa kalamu: "dola 8, si kazi."