Siku kumi na nne za Kisian

Mwaka 2018 nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha maji, Kisian, na tangazo la mkutano mkuu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino mwekundu. Nilidhani uzito wake uko kwenye rangi. Nilibandika nakala tatu: kwenye kioski cha maji, kwenye duka la karibu na njia panda ya Bondo, na kwenye mlango wa kanisa. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Machi. Mkutano niliuweka Jumamosi, tarehe 17. Siku kumi na nne, kama katiba yetu ilivyotaka.

Siku ya mkutano mzee mmoja aliyestaafu reli alisimama kabla ya sala. "Katibu, mwanangu, hebu tuhesabu." Akaanza kwa vidole, kuanzia tarehe 4. Alipofika 16 akanyanyua mkono: kumi na tatu. Katiba ilisema siku kumi na nne kamili, akasoma neno hilo mara mbili, na siku ya kubandika haihesabiwi, wala ya kukutana. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakuishia hapo. Ajenda yangu ya tatu ilisema "Mambo ya maji". Kumbe tulikuja kupandisha bei ya mtungi wa lita 20 kutoka shilingi 3 hadi 5. "Mama aliyebaki nyumbani angejuaje kuwa leo anapandishiwa bei?" Kujibu sikuweza. Angejua, pengine angekuja.

Tena akidi. Daftari lilikuwa na majina 63, nasi tulikuwa 22 chini ya mwembe, kwa hiyo mimi niliona theluthi imetimia. Lakini katiba ilihesabu theluthi ya waliolipa ada ya mwaka tu. Walikuwa 48; akidi ni 16. Mweka hazina akapitia stakabadhi: kati ya sisi 22, waliolipa walikuwa 14. Mwenyekiti akaahirisha. Watu wakaondoka wakinuna, wengine wametoka mbali kwa boda, na haki ilikuwa yao.

Tangazo la pili nilibandika Ijumaa Kuu, tarehe 30 Machi, kwa ajili ya Jumamosi tarehe 14 Aprili. Safari hii nilihesabu kwa kalenda ya ukutani: 31 Machi, kisha 1 hadi 13 Aprili. Bei ya zamani na mpya niliziandika kwa tarakimu. Mahali pa "Mengineyo" niliongeza kwamba hakuna uamuzi wa fedha utakaopitishwa hapo. Chini kabisa niliandika akidi na siku ya mwisho ya kulipa ada. Hilo la ada ndilo lililojaza mwembe. Foleni kwa mweka hazina ilianza Jumatano.

Walifika 26 waliolipa. Bei ilipita kwa kura 19 dhidi ya 7. Mzee wa reli alikuwa miongoni mwa wale 7.