Kombe Halina Bei, Njia Ndiyo Ina Bei

Wasee, mnakumbuka bao la Ryan Ogam dhidi ya Zambia? Tarehe 17 Agosti 2025, Kasarani, mechi ya mwisho ya kundi kwenye CHAN. Kila mtu analikumbuka kwa sababu tulishinda 1-0 na tukaongoza kundi. Mimi nalikumbuka kwa sababu ingine: lile bao lilituhamisha barabara. Kabla yake tulikuwa tunaelekea Dar es Salaam. Baada yake tukabaki Nairobi.

Wacha nieleze. Kabla ya hiyo mechi Kenya ilikuwa na pointi 7. Siku hiyo hiyo Moroko walikuwa wanacheza na Kongo, na wakashinda, wakafika pointi 9. Sisi tukitoka sare na Zambia tunakuwa na 8, yaani namba mbili. Na ratiba ya mtoano ilikuwa imeshapangwa hata kabla mpira kupigwa: wa kwanza wa kundi letu anacheza na wa pili wa kundi la Tanzania, wa pili wetu anacheza na wa kwanza wao. Kundi lao lilikuwa limeisha jana yake. Tanzania wa kwanza, Madagaska wa pili. Kwa hivyo Ogam alipofunga, hakutuongezea pointi mbili tu. Alichukua robo fainali dhidi ya Tanzania kwa Mkapa, na uwanja mzima ukiimba dhidi yetu, akatubadilishia na Madagaska hapa nyumbani.

Usiku huo simu yangu haikulala. Kila grupu ni "kombe ni letu," "mechi tatu tu bana." Binamu yangu, ambaye ana mkono mwepesi sana kwa mambo ya kubeti, akanipigia saa nne usiku siku makundi yote yalipoisha. Alitaka kuweka elfu tatu Kenya iwe bingwa. Si mechi moja, bingwa kabisa, ile beti unaweka leo halafu unangoja mpaka fainali. Hiyo elfu tatu ilikuwa ya rent. Nikamwambia ngoja dakika kumi tupige hesabu kwanza, kwa sababu "mechi tatu tu" ndiyo sentensi inayodanganya watu kuliko zote kwenye mtoano. (Kama hujafika miaka 18, hapa wewe chukua hesabu tu, beti wachia wenyewe.)

Hesabu yenyewe si ngumu. Kushinda kombe si tukio moja. Ni kushinda robo, NA nusu, NA fainali. Hizo "na" zote ni kuzidisha. Hizi asilimia ni makadirio yetu sisi wawili kwa simu, si za mtaalamu yeyote. Madagaska hapa Kasarani tukajipa 60. Fainali ingekuwa Kasarani pia, lakini huko unakutana na mtu ambaye ameshatoa watu, kwa hivyo tukaweka 45.

Nusu fainali ndiyo inachanganya watu, kwa sababu hujui utakutana na nani. Huwezi kuchagua mpinzani unayempenda halafu ukampigia hesabu yeye peke yake. Unachukua kila anayeweza kuja, unazidisha nafasi yake ya kufika na nafasi yako ya kumtoa, halafu unajumlisha. Upande wetu, makundi yote yalipoisha, ilikuwa ni mshindi kati ya Sudani na Aljeria. Tuseme kila mmoja ana nusu ya kufika. Aljeria tunamtoa mara 45 kwa 100, Sudani mara 55. Nusu ya 45 na nusu ya 55, jumla ni 50.

Sasa zidisha: 0.60 mara 0.50 mara 0.45. Kalkuleta ya simu inakupa 0.135. Yaani timu ambayo ina nafasi nzuri robo, nusu kwa nusu kwenye nusu fainali, na karibu nusu kwenye fainali, ina asilimia 13 na nukta kombe. Binamu alinyamaza kidogo halafu akasema, "Hiyo kalkuleta yako imeharibika."

Haijaharibika. Na jaribu ile barabara ingine uone bao la Ogam lilikuwa na thamani gani. Namba mbili: Tanzania kwao, tuseme 40. Ukipita unaenda Kampala, na huko kulikuwa na Uganda wenyewe au Senegali, ambao ndio walikuwa wanatetea ubingwa. Tuseme 40 tena. Fainali ile ile 45. Jibu ni 0.072, asilimia 7 hivi. Wachezaji ni wale wale, kocha ni yule yule, lakini nafasi ya kombe imekaribia kuongezeka maradufu kwa sababu ya laini moja kwenye ratiba.

Ndiyo maana bei ya bingwa inaruka vile inaruka makundi yakiisha. Watu hudhani kampuni imebadilisha mawazo kuhusu ubora wa timu. Mara nyingi ni njia tu imebadilika. Unaweza hata kuona timu ambayo haijacheza siku hiyo bei yake ikishuka, kwa sababu kigogo fulani ameanguka upande wake.

Turudi kwa elfu tatu. Geuza asilimia iwe odi: moja gawanya kwa 0.135, unapata 7.4. Hiyo ndiyo odi ambayo, kama makadirio yetu ni sawa, hauli wala huliwi kwa muda mrefu. Ukipewa 4.00 unaambiwa Kenya ina asilimia 25. Je, unaamini hiyo 25? Ili ufike hapo unahitaji karibu 63 kwa kila mechi, zote tatu, ikiwemo fainali. Na kuna kitu kingine watu hawaangalii: ukichukua timu zote 8 za robo fainali, ugawanye moja kwa odi ya kila timu, halafu ujumlishe, haitatoka 100. Mfano rahisi: timu 8 zinazolingana kabisa, kila moja inastahili 8.00. Kampuni ikiziweka zote 6.50, kila moja inasomeka 15.4, na jumla ni 123. Hiyo 23 ya juu ni ya mwenye duka. Kwenye beti za bingwa hiyo nyongeza kawaida huwa nono kuliko ya mechi moja, na pesa yako inakaa kwao wiki nzima.

Kuna shida moja na hesabu yangu na sitaificha. Makadirio yakikosea kidogo, kuzidisha kunayakuza. Ukiongeza pointi 5 kwa kila mechi, yaani 65, 55 na 50, unapata karibu 18. Ukipunguza 5, unapata karibu 10. Kwa hivyo mtu akikuambia timu fulani ina asilimia 13.5 ya kombe kama vile ameipima kwa mizani, mcheke. Mimi naamini tu kwamba ilikuwa kati ya 10 na 18, na 25 ilikuwa ndoto. Binamu hakuweka. Tarehe 22 tulitoka 1-1 na Madagaska, penalti 4-3 kwao, na siwezi kusema hesabu ilijua hilo. Kwa hesabu yetu tulikuwa tunapita robo mara 60 kwa 100. Hii ilikuwa moja ya zile 40.

Moroko nao walichukua ile njia mbaya tuliyoikwepa. Tanzania kwa Mkapa, 1-0. Senegali huko Kampala, penalti. Fainali Kasarani, 3-2 dhidi ya Madagaska. Kwa hivyo njia haifungi mlango, inakata bei tu. Timu iliyo kali kweli inalipa hiyo bei na bado inaondoka na kombe.

Lakini kama unataka kuona njia ikimbeba mtu, nenda Euro 2016. Ureno walitoka sare mechi zote tatu za kundi. Tarehe 22 Juni, mechi za mwisho zinachezwa pamoja: Ureno 3-3 na Hangaria, na kwingine Aislandi wako 1-1 na Austria. Ikiisha hivyo, Ureno na Aislandi wana pointi 3 kila mmoja, na Ureno ni wa pili kwa mabao mengi. Dakika ya 94 Aislandi wanafunga. Ureno wanaanguka mpaka namba tatu, ambayo mwaka huo ilitosha kupita kwa baadhi ya timu.

Ilionekana kama adhabu. Namba mbili ilikuwa inaenda kwa Uingereza, halafu Ufaransa waliokuwa wenyeji, kwenye upande ambao pia ulikuwa na Ujerumani, Italia na Uhispania. Namba tatu ikaenda upande wa pili: Kroatia, Polandi, Uswisi, Welisi, Ubelgiji, Hangaria, Ayalandi Kaskazini. Timu nane, ukihesabu Ureno wenyewe, na hakuna hata moja iliyokuwa imewahi kushinda Euro au Kombe la Dunia. Ureno wakamtoa Kroatia 1-0 muda wa nyongeza, Polandi kwa penalti, Welisi 2-0, halafu fainali Ufaransa 1-0, tena muda wa nyongeza. Mashindano mazima walishinda mechi moja tu ndani ya dakika 90. Kule kwingine Italia walimtoa Uhispania, Ujerumani wakamtoa Italia, Ufaransa wakamtoa Ujerumani. Wakubwa walimalizana wenyewe kwa wenyewe, na Ronaldo na wenzake wakakutana na mmoja tu, siku ya mwisho.

Mambo haya yote yanafanya kazi pale ambapo ratiba imechorwa mpaka fainali. Kwenye kombe kama la FA la Uingereza, ambako droo inafanywa upya kila raundi, hakuna upande laini wa kutafuta. Mpinzani wako wa baadaye ni yeyote aliyebaki.

Ndiyo maana mimi nikisoma mambo ya Kombe la Dunia la 2026 naanza na mchoro kabla ya vikosi. Timu 48, mtoano wa raundi tano badala ya nne. Na FIFA walipanga droo ili Uhispania na Ajentina wakae pande tofauti, na Ufaransa na Uingereza vile vile, ila tu kama kila mmoja ataongoza kundi lake. Ukiteleza ukawa wa pili, ule ulinzi unaisha. Hata timu ambayo utaipa asilimia 75 kwa kila mechi ya mtoano, zidisha mara tano: inatoka chini kidogo ya 24.