Barua kwa Watoto wa Rafiki Yangu

Wanangu, poleni na msiba. Magoti haya hayaniruhusu tena kukaa kwenye basi usiku kucha, kwa hiyo nawaandikia habari za baba yenu za Juba. Nina hakika hakuwasimulia, maana nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache.

Tulifika mwaka 2006, Garang ameshazikwa mwaka uliotangulia, na mji umejaa Wakenya na Waganda waliofuata riziki baada ya mkataba wa amani. Soko la Konyo Konyo lilinuka samaki mkavu, moshi wa makaa na dizeli ya jenereta. Baba yenu aliuza mayai yaliyotoka Uganda kwa lori kupitia Nimule. Barabara haikuwa na lami wakati ule, hivyo trei zikifika alizinusa kwanza kabla ya kuzifungua. Yai zima lilikuwa dinari 50. Lenye ufa lilikwenda kwa wapika chapati kwa nusu bei, siku hiyohiyo.

Januari 2007 ikaja pauni mpya, moja kwa dinari 100. Kasheshe ilianzia hapo, kwa kuwa akina mama wa sokoni walikuwa bado wakihesabu kwa pauni za kale, zile za kabla ya dinari, ambazo kumi zilikuwa dinari moja. Mama akisema "elfu moja", noti ya dinari aliyoijua imeandikwa mia, na noti mpya ya thamani ileile imeandikwa moja. Wajanja wakapata mwanya. Jirani yetu, mama mmoja mwenye chale usoni na kicheko kikubwa, aliuza samaki wa elfu tano. Kijana akamwekea pauni moja mkononi, akaondoka zake. Baba yenu akamkamata kwa ukosi wa shati mpaka zikatoka nne zilizobaki. Kisha akachana kipande cha trei, akabandika noti ya dinari 100 kando ya pauni moja, na chini yake ya dinari 500 kando ya pauni tano, akakitundika kwenye kibanda. Akina mama wasiojua kusoma wakawa wanakuja kulinganisha rangi. Alinung'unika kwamba wanamzibia biashara, lakini hakukishusha mpaka dinari zilipokwisha sokoni.

Desemba 2013 bunduki zilipoanza kulia, trei zake zote alimwachia mama yule wa samaki, tukapanda lori la Nimule. Sasa lami ilikuwepo, lakini hakuna aliyeisifu. Nauli yake niliilipa mimi. Hakunirudishia, na kila tulipokutana aliniambia "kesho". Basi mkitangaza madeni yake kwenye hitima, semeni kwamba mimi simdai kitu.