Unga wa Mlonge Uliorudishwa

Kwetu ni Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na nyuma ya nyumba ya bibi yangu ipo milonge 12. Mti huu hupenda joto, na usipokatwa hurefuka hata majani yake hayafikiki. Kwa hiyo sisi huikata ifikapo kiunoni, nayo huchipua matawi mapya. Baada ya wiki 6 hivi huvunwa tena.

Likizo moja nilianza kukausha majani hayo ili niwauzie majirani unga, nipate karo. Mara ya kwanza niliyaanika juani. Yalikauka upesi, lakini yaligeuka rangi ya majani ya mgomba yaliyokufa. Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, hiki ni chakula au ni takataka za kuwashia moto?" Kumbe jua kali hupoteza rangi, tena hupunguza sana vitamini A.

Basi nikahamia katika chumba chenye madirisha mawili. Niliwamba wavu safi (si chandarua cha mbu, maana kina dawa), nikayatandaza majani tabaka jembamba, nikayageuza asubuhi na jioni. Siku ya nne yalivunjika kwa mlio mkononi mwangu. Siku ile ile nikatwanga, nikachekecha, nikauza pakiti 20.

Hazikupita wiki tatu, akaja mama mmoja jirani na pakiti yake. "Kijana wangu, hebu nusa." Unga ulikuwa umegandamana na kunuka uvundo, na pembeni umeota ukungu. Nilimrudishia fedha zake, nikaona haya sana. Kisha nilipita nyumba kwa nyumba. Pakiti 11 zilikuwa bado hazijaisha, nikazilipa zote na kuzitupa shimoni. Karo yangu ikaingia humo pamoja nazo.

Kosa lilikuwa katika vikonyo. Nilikuwa nimekausha majani pamoja na vikonyo vyake na kuvitwanga vyote. Jani hukauka kwanza, bali kikonyo hubaki na maji ndani, na ukikifunga katika pakiti maji yale huurudia unga.

Sasa nayachambua majani kutoka vikonyoni kabla ya kuyatandaza. Tena yakikauka siyatwangi siku ile. Nayatia katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nakaza kifuniko, nayaacha hata asubuhi. Yakivunjika bado, natwanga; yakipindika, nayarudisha wavuni. Majani mabichi kilo 4, yaliyokwisha kuchambuliwa, hunipa unga kilo 1 hivi, yaani pakiti 20 za gramu 50. Mvua ikinyesha wiki nzima sikaushi kabisa. Nauza majani mabichi kwa mboga.

Wako wanaoniuliza kama unga huu huponya kila ugonjwa. Mimi huwajibu kwamba nauza mboga iliyokaushwa, wautie katika uji au mchuzi. Yule mama hununua kwangu mpaka leo, ila hufungua pakiti akanusa kwanza, ndipo atoe fedha.