Kipakatalishi kilichokataa kununuliwa

Leo naweka kando mambo ya programu nisimulie habari za biashara, ingawa kuna mstari mmoja wa amri huko chini kwa wale wasioweza kuishi bila hiyo.

Novemba 2025 nilikuwa nauza mashine yangu ya zamani, ThinkPad T480. Mdogo wangu alikuwa anajiunga na Gredi ya 10 mwezi wa Januari, na orodha ya vitu vya shule ya bweni ilikuwa ndefu kuliko mshahara wangu. Nikaweka tangazo kwenye tovuti moja ya kuuza na kununua vitu, hivi:

```
Lenovo ThinkPad T480 i5 8GB 256GB SSD - 32,000
```

Picha zilikuwa mbili, moja nimeipiga usiku mashine ikiwa juu ya kitanda. Maelezo: "Iko sawa kabisa. Piga simu." Wiki ikapita. Nikashusha bei hadi 29,000. Wiki ya pili nikashusha tena hadi 26,000.

Nilidhani kila nikishusha simu zitaongezeka. Ziliongezeka kidogo, kweli, lakini maneno ndiyo yalibadilika. Kwenye 32,000 watu walikuwa wakiuliza kuhusu mashine. Kwenye 26,000 wakaanza kuuliza kuhusu mimi. "Ina shida gani?" "Mbona unaharakisha?" Jamaa mmoja aliniuliza bila kupepesa kama ni ya wizi. Ukiwaza, hakuwa na kosa. Tangazo linaonyesha tarehe lilipowekwa, picha ni zilezile, bei inateremka kila Jumatatu. Hata mimi ningeogopa.

Jumapili nikaenda kwa shangazi yangu, ambaye anauza mitumba Gikomba tangu nikiwa mtoto. Nikamwambia nataka kuishusha hadi 23,000 nimalizane nayo.

"Ngoja, mwanangu. Wamekuambia ni ghali?"

Nikafikiri. "La, shangazi. Hakuna aliyesema hivyo."

"Sasa wanauliza nini?"

Akanieleza kuhusu makoti. Koti likikaa wiki nzima bila kuguswa, yeye hakimbilii bei. Analitoa, analipiga pasi, anashona kifungo kilichopotea, kisha analihamisha kutoka rundo la nguo za kike hadi mbele, mahali wanapopita watu wa zamu ya usiku asubuhi na baridi. Koti ni lilelile, lakini sasa limekutana na mtu anayelihitaji.

Usiku huo nikafungua WhatsApp na orodha ya simu, nikahesabu. Tangazo lilikuwa limetazamwa mara 212. Waliowasiliana nami ni 14. Waliokuja kuona mashine, sifuri. Hesabu hii ndiyo ningependa uibebe. Kama watazamaji wangekuwa wachache, tatizo lingekuwa kichwa cha tangazo, picha ya kwanza au kundi nililoliweka. Kama watu wangekuja, wakaishika kisha wakaondoka, tatizo lingekuwa mashine yenyewe au maelezo yanayoidanganyia. Kwangu watu walikuwa wanafika kwenye simu na kuishia hapo, maana yake walikuwa na shaka ambayo majibu yangu hayakuiondoa. Na maswali ya wale 14 yalikuwa karibu matatu tu: chaji inakaa muda gani, inakubali Windows 11, na niliipata wapi.

Aibu yangu ni kwamba majibu yote matatu yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye tangazo! Nilikuwa nimeandika kama mtengenezaji programu anayemwandikia mwenzake, ambaye akiona tu "T480" anajua yote. Watu wa aina hiyo hawakuwa wakinipigia. Waliopiga walikuwa wazazi na wanafunzi.

Nikaanza na chaji. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Inakutengenezea ukurasa unaoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani (`DESIGN CAPACITY`) na sasa inafika wapi ikijaa (`FULL CHARGE CAPACITY`). T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma unayoweza kuichomoa, na unaweza kubadilisha ile ya nyuma bila kuzima mashine. Ya ndani ilikuwa imebaki asilimia 81, ya nyuma 74. Kisha nikaichomoa umemeni nikafanya kazi ya kuandika na kusoma hadi ikazima: saa tano na dakika 40. Huo ndio wakati nilioandika.

Windows 11 ilikuwa rahisi zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wanunuzi wote walikuwa na wasiwasi huo. Kichakato cha mashine yangu, i5-8350U, ni cha kizazi cha 8 cha Intel, na kiko kwenye orodha ya Microsoft. Mtangulizi wake, T470, ana umbo linalofanana naye sana, lakini vichakato vyake vya kizazi cha 6 na 7 haviko. Nikapiga picha ya skrini inayoonyesha Windows 11 ikiwa imewashwa. Risiti ya dukani nikaipiga picha pia, nikiwa nimefunika jina langu na namba ya mashine.

Tangazo la zamani nikalifuta kwanza, maana mawili yakikaa pamoja kwa bei mbili utaonekana tapeli. Kichwa kipya:

```
Laptop ya mwanafunzi, betri 2, Windows 11 (ThinkPad T480)
```

Picha saba, zote mchana karibu na dirisha, ikiwemo ya mkwaruzo kwenye kifuniko na ya herufi E iliyofifia. Maelezo yalianza na stima kupotea, si na GB.

Na bei? Nilipita Luthuli Avenue kwanza. Duka moja lilikuwa na T480 kama yangu kwa 33,000 pamoja na dhamana ya miezi sita. Kwa hiyo 32,000 yangu bila dhamana ilikuwa juu kweli, na hakuna maneno ambayo yangeiokoa. Lakini 26,000 ilikuwa woga tu. Nikaweka 30,000.

Siku ya pili akapiga mama mmoja. "Kijana, wiki jana si ulikuwa unaiuza 26?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli: ndiyo mama, nilikuwa nashusha bila kuipima betri, sasa nimeipima, na matokeo nimeyaweka hapo. Akakata simu. Huyo nilimkosa, na sikumlaumu.

Siku nne zikaleta watu wanane, wachache kuliko mwanzo, lakini watatu walikuja. Wa kwanza alitaka kadi ya michoro ya kuchezea michezo; nikamwambia hii haimfai. Wa pili alikuwa baba na binti yake anayesomea uuguzi. Binti alichomoa betri ya nyuma mwenyewe, akatazama skrini ikiendelea kuwaka, akamgeukia babake. Mzee akauliza tu kuhusu ile E. Tukakubaliana 29,000, akalipa kwa M-Pesa, tukaandikiana karatasi yenye namba za vitambulisho vyetu.

Godoro na sanduku la shule nilinunua siku hiyo hiyo. Sasa nina printa ambayo imekaa mtandaoni mwezi mzima. Imetazamwa mara 11 tu, kwa hiyo kesho naanza na picha ya kwanza.