Barua ya Mwalimu na Tanuru Moja

Nilipomwomba mwalimu wangu wa sanaa pale Sumbawanga barua ya kuombea nafasi TaSUBa, Bagamoyo, nilimpelekea na mfano niliounakili kwa rafiki: "ana bidii, nidhamu na kipaji." Mwalimu akausoma, akacheka. "Hii hata mgambo unaweza kumwandikia. Niletee madaftari yako yote, hata yale ya aibu."

Aibu yenyewe ilikuwa tanuru. Si unajua zile tanuru ndefu za udongo ambazo mababu wa Kifipa walikuwa wakiyeyushia chuma? Masalia ya moja yapo njiani kwenda kijijini kwetu, na kila likizo nilikuwa naichora. Mwalimu alizipanga picha tatu mezani kwa tarehe, akaanza kuniuliza kama polisi. Hapa uliona nini? Huyu mtoto umemweka wa nini?

Barua yake ilijengwa juu ya picha hizo. Aliandika kwamba mwezi wa pili nilichora tanuru kama chupa, matundu ya chini yote yakiwa na upana mmoja, kana kwamba ukuta ni ubao ulionyooka. Mwezi wa sita nilimsimamisha mdogo wangu kando yake, nikampima kwa penseli mkono ukiwa umenyooka, ndipo urefu ukakaa sawa. Mwezi wa kumi tundu linalonitazama lilikuwa pana, na ya pembeni yanazidi kuwa membamba, kwa hiyo ukuta ukazunguka. Akaongeza kuwa hilo la mwisho hakunifundisha yeye, nililiona mwenyewe.

Halafu, jamani, akaandika: "Rangi bado zinamshinda. Kila kivuli anatia nyeusi, picha inakuwa tope."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, lakini hapo si umeniharibia?" Akajibu kwamba hao wanaosoma barua watanipa brashi mkononi, na tope wataliona wenyewe. Bora walijue kabla, na wajue pia nilikotoka. Akaifunga bahasha, akaigonga muhuri. Safari nzima ya basi nilikuwa nayo kwenye begi, na kusema kweli kule Mbeya nilifikiria kuitupa.

Kwenye usaili mzee mmoja aliisoma kimya, kisha akaweka chungu chekundu dirishani. Akanipa rangi, ila kopo la nyeusi akalisogeza upande wake. "Nichoree kivuli chake."

Nilikaa muda mrefu bila kugusa karatasi. Nikakitazama kile kivuli mpaka nikaona si cheusi hata kidogo, kina ubuluu. Nikachanganya nyekundu ile ile ya chungu na buluu, kidogo kidogo. Kikatoka cha zambarau, kizito mno upande mmoja, lakini chungu kilikuwa kimekaa mezani.

Mzee akalirudisha kopo kabatini, akaniuliza ile tanuru ina matundu mangapi.